Foleni ya video nzito: namna ya kujitoa, kushusha mzigo na kurudi kazini

Mtu anayeweka lebo kwenye video hachagui anachokiona. Anabonyeza kutuma, foleni inamletea kingine, na baina ya mtoto anayecheza na paka na maiti iliyolala barabarani hazipiti hata sekunde tatu. Mwongozo huu ni wa kazi hiyo ya kuainisha video za ajali, mapigano, mauaji na mateso, ama ziondolewe mtandaoni, ama zitumike kuifundisha mashine kuzitambua. Mifano yote ni ya chumba kimoja cha kazi hapa mjini Unguja: watu wanane, zamu ya saa 8:00 mchana hadi saa 2:00 usiku. Aliyeko Wete au Chake kule Pemba, anayefanyia nyumbani, ataweza kuufuata pia, ila ana mambo yake ambayo nimeyaweka mwisho.

Punguza kinachoingia

Hili nitalipita haraka kwa sababu ni la mipangilio ya kompyuta tu. Weka skrini katika rangi ya kijivu kabla ya kufungua foleni. Watafiti wa Google walilijaribu hili kwa wachujaji wa maudhui wakatoa matokeo mwaka 2019: kuondoa rangi kulipunguza namna picha inavyomgusa mtazamaji, na kazi haikuharibika. Kuweka ukungu juu ya picha hakukuwasaidia vivyo hivyo, na mwenye kujua kazi anaelewa kwa nini: ukikodoa macho ili utambue kilichofichwa, unakitazama zaidi.

Cheza video katika dirisha dogo, sauti ikiwa imezimwa. Lebo ikihitaji sauti, tazama kwanza bila kusikiliza, kisha sikiliza huku umefunika dirisha. Ukelele wa mtu hukaa kichwani kuliko damu, na ukitenganisha viwili hivyo, havishikani kuwa kumbukumbu moja iliyo kamili.

Zungusheni kazi, si aina ya ubaya

Hapa ndipo vyumba vingi vinapokosea. Msimamizi anamtoa mtu kwenye video za ajali, anampeleka kwenye maandishi ya matusi na vitisho, na kwenye jedwali anaandika kwamba amezungushwa. Huyo hakuzungushwa. Kubadilisha kunakopumzisha ni kwenda kwenye kazi isiyokuwa na mtu anayeumizwa: kunakili risiti, kusahihisha tafsiri, kuchora mipaka ya magari katika picha ya barabara. Hata kazi ya kuchosha inafaa, ilimradi ichoshe macho tu.

Chumba chetu kimefika kwenye mpango huu baada ya kupanga na kupangua. Nusu saa ya mwanzo ni kazi nyepesi, mtu azoee kiti. Saa 8:30 hadi saa 9:15 foleni nzito. Saa 9:15 watu wote wanaondoka kwenye skrini, wanaoswali wanatia udhu na kusubiri alasiri, wengine wanashuka kunywa chai, na hawarudi mpaka saa 10:00. Saa 10:00 hadi saa 10:45 foleni nzito tena, ya mwisho kwa siku hiyo. Baada ya hapo hakuna atakayefunguliwa foleni hiyo hata mteja akilia. Zamu inamalizika kwa risiti na tafsiri, na magharibi iko katikati.

Dakika hizo 45 si sheria ya popote, ni tulipoona watu wanaanza kutazama bila kuona. Chumba chenu kinaweza kuishia dakika 30. Jambo nisilolegeza ni kwamba kizito kisiwe cha mwisho. Kitu unachokifunga saa 1:55 usiku unapanda nacho daladala ya Fuoni na unalala nacho. Ukikifunga saa 10:45, unabakiwa na saa tatu za mambo ya kawaida kabla hujamuona mtoto wako.

Mwezi wa Ramadhani bakisheni kipindi kimoja tu, kile cha mwanzo. Mwenye njaa, kiu na usingizi wa daku uliokatika hana akiba ya kuupokea ubaya, na sijaona mteja aliyekufa kwa kusubiri hadi Shawwal.

Siku nazo ziachane. Mtu akiingia foleni nzito Jumatatu, asiingie tena hadi Jumatano. Na kila mwisho wa wiki msimamizi ahesabu vipande vizito vya kila mmoja, aviandike majina kwa majina. Asipohesabu, yatatokea yaleyale: kuna mmoja "ana moyo", makosa yake machache, halalamiki, basi kila kibaya anatupiwa yeye. Hakuna aliyekusudia. Ni kwamba foleni ikichelewa, mkono wa msimamizi unakwenda kwa anayemaliza.

Malengo ya siku nayo yatenganishwe. Ikiwa mtu anatakiwa vipande 200 kwa siku, vizito na vyepesi vikihesabiwa sawasawa, na kipande kimoja cha tafsiri kinachukua muda mara tatu ya cha video, huyo atakataa kuzungushwa na atakuwa na haki. Anakimbia njaa. Kwa hiyo kubalianeni kabla ya bachi, yaani fungu jipya la vipande, kuanza, kwa maandishi, kwamba muda wa nje ya skrini unalipwa, wala mfumo hauuhesabu. Mapumziko yenye saa inayorudi nyuma pembeni mwa skrini mtu anakaa akiitazama saa.

Nusu saa baada ya kipande kibaya

Kuna vipande vizito, na kuna kile kimoja kinachokuganda. Utakijua: mkono unasita kwenye kipanya, au unajikuta umekirudia bila sababu ya lebo. Tuma lebo, au kiruke, kisha toka kwenye foleni kabla kingine hakijafunguka. Usikifidie kwa kutazama chepesi harakaharaka.

Simama. Osha uso kwa maji baridi, tembea hadi mlangoni, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona: baiskeli, muuza kashata, nguo juu ya kamba. Lengo ni mwili ujue uko wapi na leo ni siku gani.

Kisha cheza Tetris, ule mchezo wa matofali yanayoshuka, dakika 20 bila kukatizwa. Najua inaonekana utani. Mwaka 2009 kundi la Emily Holmes huko Oxford liliwaonyesha watu filamu zenye matukio ya kutisha, na waliocheza Tetris nusu saa baadaye walirudiwa na picha hizo mara chache kuliko ambao hawakucheza. Mwaka 2018 matokeo mengine yalitolewa, safari hii kwa watu waliopata ajali za barabarani: waliocheza ndani ya saa sita tangu ajali, wakiwa hospitalini, walirudiwa na picha mara chache katika wiki iliyofuata. Maelezo yao ni kwamba kumbukumbu ya picha inachukua muda kujengeka, na ukiishughulisha ile sehemu ya akili inayochora maumbo, picha inakosa nafasi ya kutosha.

Kwa hiyo namna ya kucheza ina maana. Kikumbuke kipande mara moja, kwa ufupi, usikichambue. Halafu cheza huku ukigeuza matofali kichwani kabla hayajafika chini, si kubonyeza tu. Maswali ya chemsha bongo hayafanyi kazi hiyo; watafiti haohao walijaribu wakaona hayakusaidia. Kuzungusha video fupi kwenye simu ndiyo kabisa, kwa sababu unaongeza picha juu ya picha. Pia mchezo huu haufuti huzuni wala hasira, na hautibu kiwewe cha miaka. Unapunguza picha kurudi, basi.

Kikao cha kushusha

Imani iliyoenea ni kwamba mtu akiona kitu kibaya akalishwe chini akitapike chote. Taratibu za namna hiyo zilienea tangu Jeffrey Mitchell, aliyewahi kuwa mtu wa zimamoto huko Marekani, alipozipanga mwaka 1983: wote waliohusika wakae pamoja, kila mmoja asimulie alichokiona na alivyojisikia. Zilipokuja kupimwa, mapitio ya mwaka 2002 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuta kikao kimoja cha kusimuliana hakizuii kiwewe, na kwa baadhi ya watu huenda kikawazidishia. Uingereza ikashauri kisitolewe. Katika kazi yetu ubaya wake ni wa wazi zaidi: wewe umeona vipande 30, mwenzako 30 vingine, mkisimuliana kila mmoja anaondoka na 60.

Kikao chetu basi ni kifupi, dakika 10 hadi 15, saa 10:45 foleni nzito inapofungwa. Anayetaka anakaa, asiyetaka anakwenda kunywa chai na haulizwi. Watu wawili au watatu, si chumba kizima. Wanawake mara nyingi huwa pamoja na mwanamke mwenzao, na hilo liachwe lilivyo, kwa sababu kuna video ambazo dada hatazigusia mbele ya kaka hata kwa dokezo.

Maswali ni matatu. La kwanza ni la mwili: kichwa, kifua, tumbo, mikono, viko vipi sasa hivi? Mtu wa hapa atakwambia tumbo limemkataa chakula kabla hajakwambia ana huzuni, kwa hiyo anzia hapo. La pili: kuna kilichoganda? Anataja aina tu, "ajali ya barabarani" au "mtoto", na kukipa namba kutoka 0 hadi 10. Akianza kueleza kilichoonekana, anayeongoza amkate kwa upole: "Hebu niambie kimekukaa wapi, usinionyeshe." La tatu ni la vitendo: zamu yako ijayo ya kizito unaingia foleni hii au tukubadilishie, na usiku huu utakuwa na nani?

Namba ziandikwe kwenye daftari la karatasi linalofungiwa, si katika kundi la WhatsApp, na zisifike kwa anayepima kasi ya kazi. Siku mtu atakapohisi kwamba 7 yake imempunguzia zamu, daftari lote litajaa 2.

Wengine wanaogopa mkataba wa siri. Usome wako, maana hazifanani. Wangu unakataza kutaja mteja na kueleza maudhui, haunikatazi kusema silali. Kama wako una maneno mapana mno, omba ufafanuzi wa maandishi kwamba unaruhusiwa kuzungumza na daktari.

Kujua wakati wa kuomba kutoka

Nitaeleza kisa kimoja kwa urefu, kwa ridhaa ya mwenyewe, kwa sababu dalili zake zote zilikuwa mezani.

Ilikuja bachi ya vyombo vilivyozama: boti, majahazi, meli, kutoka nchi mbalimbali. Tuliihesabu kuwa ya wastani kwa kuwa haikuwa na damu. Katika chumba alikuwemo dada wa Pemba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander ilipozama njiani kutoka Unguja kwenda Pemba, alikuwa bado mwanafunzi na ndani ya meli ile walikuwemo watu wao. Hakuna fomu iliyomuuliza, naye hakusema.

Kawaida yake ni kipande kimoja kwa dakika moja hivi. Alasiri ile alianza kuchukua dakika nne, anarudisha nyuma, anasimamisha. Baadaye, ghafla, vipande kumi vikatoka ndani ya dakika tatu, vyote na lebo ya "hakuna madhara", wakati viwili kati yake watu walionekana ndani ya maji. Hayo mawili ni ugonjwa mmoja. Anayerudiarudia hawezi kujitoa kwenye picha, na anayepita mbio ameacha kuitazama. Msimamizi anayeangalia wastani wa siku angeona kasi nzuri tu.

Saa 9:15 watu waliposimama, yeye alisema anamalizia. Mimi kwa mtazamo wangu hiyo ndiyo dalili kubwa kuliko zote, anayekataa kupumzika. Anayelalamika bado anajisikia.

Bibi mmoja mtu mzima wa chumba chetu alimwekea kikombe cha chai mezani, akamwambia, "Mwanangu, zima, kisha mwandikie." Dada akaandika ujumbe huu kwa kiongozi wa zamu:

"Assalaam alaykum kaka. Naomba nitolewe foleni ya vyombo kuanzia sasa. Lebo zangu kumi za mwisho zisihesabiwe, zirudiwe na mtu mwengine. Naweza kufanya risiti kuanzia saa 10:00. Sababu sitaki kuieleza kwa maandishi."

Tazama alivyouandika. Ametaja foleni, wakati, kazi iliyoharibika na kazi anayoiweza. Hakuomba radhi, hakujieleza. Msimamizi akipata ujumbe wa "sijisikii vizuri" anabaki kubahatisha: homa? kichwa? arudi nyumbani? Huu unamwachia jambo moja tu, kusema sawa.

Naye alisema sawa, akaifunga foleni ile kwenye akaunti yake ili isimfungukie kwa bahati mbaya. Lebo kumi zilirudiwa na mwengine bila kuhesabiwa makosa. Dada alicheza Tetris dakika 20, akaswali, akafanya risiti. Saa 10:45 alikaa na yule bibi peke yao, akataja "maji" na namba 8. Usiku hakurudi peke yake, mwenzake anayekaa Amani alishuka naye. Asubuhi aliulizwa swali moja tu, umelala? Alikuwa ameamka mara mbili. Wiki iliyofuata alirudi katika ajali za barabarani kwa kipindi kimoja, namba yake ikawa 3, akaendelea. Video za maji hazimfungukii tena mpaka leo, na hatakiwi kutoa sababu.

Tangu hapo kila mtu anapewa karatasi bachi mpya inapokuja: aina za video zimeorodheshwa, weka alama kwa usizozitaka. Haiulizi kwa nini. Mtu aliyemzika mtoto, aliyepigwa na mumewe, aliyepoteza ndugu baharini, anaweka alama na karatasi inakwenda kabatini.

Usisubiri uwe 8 lakini. Omba kutoka kwa siku hiyo ukiona mojawapo ya haya: unarudia vipande bila haja, unapita bila kutazama, mikono inatetemeka au una kichefuchefu, au umecheka kitu ambacho mwaka jana kingekutoa machozi. Hilo la mwisho watu hulisifu, husema amezoea. Kuzoea kwa kweli ni kufanya kazi na kurudi nyumbani ukiwa na hamu ya watu wako. Aliyekufa ganzi haumii kazini, ila mwanawe akimkimbilia mlangoni nako hajisikii kitu.

Nyumbani, na wiki zinazofuata

Usiku wa siku nzito weka simu mbali na kitanda. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie alasiri. Ukiamka na picha, washa taa, keti, taja vitu vitano kama mchana, kisha rudi kulala. Kubaki gizani kuipigania picha kunaizidishia nguvu.

Siku chache za usingizi mbovu ni kawaida na mara nyingi huisha zenyewe. Picha zikiendelea kurudi, ukawa unakwepa mahali au watu, unashtuka kwa kila kishindo, na hali hiyo ikapita mwezi mmoja, hapo si uchovu tena. Nenda hospitali. Hapa Unguja ya maradhi ya akili ni Kidongo Chekundu, na najua watu wanavyoisema. Kama jina linakuzuia mguu, anzia kwa daktari wa kawaida wa kituo chako akuandikie barua. Kisomo kwa sheikh hakizuiliwi na dawa, na dawa haizuiliwi na kisomo. Lakini ukiwaza kujidhuru, usisubiri mwezi wala kesho. Mwambie mtu usiku huohuo, asikuache peke yako, akupeleke.

Daktari akikwambia "kwani ulikuwepo?", mjibu kwamba mwongozo wa Marekani wa kutambua maradhi ya akili, toleo la mwaka 2013, unayahesabu mambo mabaya yanayotazamwa mara kwa mara kwenye skrini kuwa chanzo cha kiwewe, ilimradi ni kwa sababu ya kazi. Na Nairobi, Desemba 2024, ilitangazwa kwamba wachujaji zaidi ya 140 waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook walichunguzwa na kukutwa na kiwewe hicho. Hakuna kati yao aliyehitaji kuwepo kwenye tukio.

Ukifanya peke yako

Aliyeko nyumbani hana msimamizi wa kumfungia foleni wala bibi wa kumletea chai, na analipwa kwa kipande. Basi mipaka aiweke kabla hajafungua kompyuta: kengele ya simu baada ya dakika 30, vipindi viwili, mwisho alasiri. Ajue kitufe cha kuruka kiko wapi na kinakata nini. Katika baadhi ya mifumo kuruka kunashusha alama zako, katika mingine kipande kikiisha muda kinaondoka chenyewe bila adhabu. Lijaribu hilo kwenye vipande vyepesi, si siku ya shida.

Usifanyie chumbani unakolala, na skrini isielekee mlango wenye watoto. Tafuta mtu mmoja wa kazi hiyohiyo, hata akiwa kisiwa cha pili, mkubaliane kupigiana simu kila mnapofunga: mwili uko vipi, kuna kilichoganda, namba ngapi. Dakika tano, bila kusimulia. Akikosa kupiga siku mbili, wewe mpigie.